Barua ya udahili na miaka ninayoogopa kuiandika

Shikamoo mama,

Mimi ni mama wa miaka 38, naishi Moshi, upande wa mlimani. Mwaka 2004 nikiwa kidato cha tatu tulipangwa mstari tukapimwa mimba shuleni. Ilikuwa mwezi wa nane. Nikafukuzwa siku hiyohiyo, na Desemba nikamzaa kijana wangu wa kwanza. Mama yangu ndiye aliyenilelea mtoto, mimi nikawa nashuka mjini kuuza ndizi. Mwaka 2009 nikapata ukarani kwenye chama cha msingi cha kahawa hapa kijijini, na mpaka leo niko hapo. Napima kahawa, naandika stakabadhi, nashika leja ya wakulima, na wakaguzi wakija mimi ndiye ninayewatolea vitabu. Mwaka 2014 nilifanya QT, ule mtihani wa maarifa, na 2016 nikafanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nilifaulu, si kwa kung'aa, ila nilifaulu.

Sasa nataka kuomba chuo kwa njia ya watu wazima wenye uzoefu wa kazi, hii RPL. Pamoja na vyeti nimeambiwa niandike barua kwa ofisi ya udahili nieleze miaka yote niliyokuwa nje ya shule. Kaka yangu ni mwalimu, akaniandikia kwa Kiingereza kizuri sana. Imesema kwamba kuanzia 2004 mpaka 2013 nilikuwa namuuguza mama. Mama yangu hajawahi kulazwa hata usiku mmoja, hadi leo anapandisha mkungu wa ndizi kichwani. Kaka anasema wasomi hawataki habari za mimba, wataniona sina maadili. Mume wangu, ambaye tulioana 2010 na anajua kila kitu, anasema nimsikilize kaka.

Kinachoninyima usingizi zaidi ni mwanangu. Yeye anajua niliacha shule kwa sababu ada iliisha. Ndiye mwenye kompyuta mpakato hapa nyumbani, amemaliza kidato cha sita anasubiri matokeo, na ndiye anayenijazia kila fomu. Barua hii ataichapa yeye.

Halafu kuna jambo dogo: shuleni nilitumia jina la baba, QT na kidato cha nne nikatumia la mume.

Niandike nini, mama?

Mama wa Mizani, Moshi

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Ni mazoea. Kabla sijaanza kujibu barua za watu nilikaa miaka kadhaa kwenye dawati la udahili, na kazi kubwa ya dawati lile ni kuzipanga karatasi za mtu kwa mfuatano wa miaka, kisha kutazama kama zinasema kitu kimoja. Basi nikazipanga za kwako, nikaona kitu ambacho nadhani kaka yako hakukiona.

Barua aliyokuandikia inasema ulikuwa unamuuguza mama mpaka 2013. Barua ya chama chako ya kukuajiri, ambayo lazima uiambatishe kwa sababu bila ushahidi wa kazi hakuna RPL, itasema ulianza 2009. Karatasi mbili kwenye faili moja, na miaka minne inagongana. Mtu wa dawati hahitaji kuwa mpelelezi kuliona hilo. Akishaliona hatakaa kutafuta ipi ni ya kweli. Ataishuku ile ya ajira, kwa sababu ndiyo anayotakiwa kuipa uzito, na ndiyo inayoweza kutungwa na rafiki mwenye mhuri. Hapo uongo utakuwa umeila karatasi yako ya kweli, tena ile iliyo bora kuliko zote.

Utaniambia basi turekebishe, tuandike ulimuuguza hadi 2009. Inawezekana, na kwenye karatasi pengine itapita. Lakini njia hii haiishii kwenye karatasi, mtu anaweza kuitwa akae mbele ya watu aeleze kilichomo kwenye jalada lake. Nakumbuka baba mmoja aliyeandika kwamba aliacha masomo akamuuguza mzee wake. Waliokaa mezani hawakumtega hata kidogo. Mmoja alimwonea huruma tu, akamwuliza, "Pole sana, mzee alikuwa anasumbuliwa na nini?" Yule baba alitaja ugonjwa, akaulizwa alitibiwa wapi, akataja hospitali, kisha akanyamaza muda mrefu kidogo kuliko inavyotakiwa. Hakuna aliyemwambia kitu. Ila kuanzia pale hata maswali ya kazi yake mwenyewe, ambayo aliijua vizuri, aliyajibu kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Wewe ukiulizwa kuhusu mama utajibu nini, na huku mama mwenyewe yuko nyumbani anamenya ndizi?

Isitoshe, mwishoni mwa fomu za namna hii huwa kuna mahali pa kusaini kwamba yote uliyoyasema ni kweli. Watu husaini bila kusoma. Sahihi ile inakaa kwenye faili muda wote utakaokuwa chuoni, na kijijini kwenu wanaojua mama yako hakuumwa ni wengi.

Pamoja na hayo, kaka yako sitamsema vibaya. Ni mwalimu, na anakumbuka mambo yalivyokuwa. Kanuni za kufukuza wanafunzi za mwaka 2002 zilitaja kosa dhidi ya maadili na zilitaja kuolewa. Neno mimba halikuwekwa humo kama sababu, ila kwa vitendo mimba ndiyo ilisomwa kuwa kosa la maadili, na ndivyo wewe na wengine wengi mlivyotolewa mstarini. Kaka amekaa na lugha hiyo ofisini kwa walimu miaka yote. Anapokuambia utaonekana huna maadili hatungi, anarudia alichokisikia.

Ila Novemba 2021 serikali yenyewe ilibadili msimamo, ukatoka waraka wa elimu wa kuwaruhusu walioacha shule kwa sababu mbalimbali warudi, wenye ujauzito na waliojifungua wakiwemo. Wewe ulikuwa umeshapita, hukusubiri waraka. Lakini mtu atakayeisoma barua yako leo anafanya kazi katika nchi yenye waraka ule, hayuko tena kwenye ule mstari wenu wa Agosti. Je, kila atakayekaa mezani ameubadili na moyo wake? Hapana, siwezi kukuahidi hilo. Nimefanya kazi na watu waliokuwa wakisoma neno mimba kwa huruma, na waliokuwa wakilisoma huku wamekunja midomo. Kwa hiyo hofu ya kaka yako ina mguu wa kusimamia, ingawa si mrefu kama anavyodhani.

Kuna kitu kingine mmekichukulia kuwa kweli, wewe na kaka yako, nami nataka kukitikisa kidogo. Mnaona miaka ya nje ya shule ni doa linalotakiwa kufunikwa. Wenye umri wangu tunakumbuka wakati miaka hiyo ilikuwa ndiyo tiketi. Baada ya Azimio la Musoma, Novemba 1974, kijana aliyemaliza kidato cha sita hakuruhusiwa kwenda chuo kikuu moja kwa moja. Alitakiwa kwanza afanye kazi, kisha aje na maneno ya mwajiri na ya tawi la chama tawala kwamba amekaa na watu na amefanya kazi vizuri. Asiye na miaka ya kazi ndiye aliyekuwa na la kueleza! Utaratibu ule haukudumu, na kwa wanawake ulilegezwa mapema zaidi, kwa sababu wakishaenda kazini wengi waliolewa, wakazaa, na hawakurudi. Yaani zaidi ya miaka arobaini iliyopita wakubwa walikuwa wameshajua kwamba mtoto humtoa mwanamke kwenye foleni ya masomo. Hutakuwa umewapa habari mpya.

RPL ni mjukuu wa fikra ile. Haikuulizi kwa nini hukuwa darasani. Inakuuliza ulijifunza nini ulipokuwa hukai darasani. Ofisi inapotaka ueleze miaka yako inatafuta mambo mawili: kama kuna kipindi kilichofichwa kinachoweza kuwaletea matatizo, na kama kazi unayoitaja ilifanyika kweli na kwa muda unaosema. Aliyekupa mimba ni nani, na ilikuwaje, havimo.

Hapo ndipo ilipo njia ya katikati, nayo watu wengi huiruka kwa sababu wanadhani kunyamaza na kudanganya ni kitu kimoja. Ukiandika, "Niliacha shule nikiwa kidato cha tatu, Agosti 2004, kwa sababu za kifamilia," hujasema uongo. Uzuri wake ni kwamba siri inabaki kwako na hakuna karatasi itakayoipinga. Ubaya wake ni kwamba "sababu za kifamilia" ni sanduku lililofungwa, na anayepewa sanduku lililofungwa anaweza kuuliza lina nini. Ukiichagua, uwe na jibu la mdomo tayari, fupi, ambalo unaweza kulisema bila macho kushuka chini.

Ukitaka kusema wazi, sentensi ni moja tu na haihitaji machozi: "Niliacha shule Agosti 2004 kwa sababu nilikuwa mjamzito, na shule iliniondoa kama ilivyokuwa desturi wakati ule." Nukta. Mistari mitatu ya kuomba radhi ikifuata, msomaji ataanza kutafuta kosa ambalo hakuliona. Faida ya njia hii ni kwamba swali limeshajibiwa kabla ya kuulizwa. Hasara ni kwamba ukishaituma hairudi, na hujui itapita mikononi mwa nani. Moshi si kubwa. Makarani wa udahili wana shangazi zao, na shangazi zao wana majirani.

Vyovyote utakavyochagua, naomba sehemu hiyo isizidi sentensi moja au mbili. Barua nyingi za watu wazima nilizozisoma zilikuwa na kosa hilohilo: robo tatu ya ukurasa ni kwa nini mtu aliacha shule, na kazi ya miaka kumi na mitano imebanwa kwenye mstari mmoja, "nimekuwa nikifanya kazi kama karani." Sasa ngoja nikuoneshe ulichokiacha nje.

Unasema unapima kahawa na kuandika stakabadhi. Mtu wa ofisini akisoma hivyo anaona mizani na kalamu. Haoni kwamba mkulima anakuletea kahawa iliyomenywa na kukaushwa ikiwa bado na ganda lake jembamba, na kwamba mzigo huo ukifika kiwanda cha kukoboa unapungua. Kilo 100 zenye ganda zinarudi takriban kilo 80 za kahawa safi. Mzee wa kijijini akisikia 80 anasema ameibiwa 20, na anayesimama mbele yake kumweleza ni wewe. Haoni pia kwamba una hesabu tatu ambazo lazima ziongee lugha moja: jumla ya stakabadhi zako, uzito uliopokelewa kiwandani, na kilo zilizouzwa. Ikija kahawa yenye unyevu, ukaipokea kwa uzito wa siku ile, itaendelea kukauka ghalani na kwenye leja utaonekana una upungufu ambao hakuna aliyeuiba. Nina hakika hilo limeshakutokea. Ulifanya nini? Hicho ulichofanya ndicho kitu cha kuandika.

Halafu kuna malipo ya awali na malipo ya pili. Kumlipa mkulima sehemu kwanza, kusubiri kahawa iuzwe, kutoa makato ya usafiri, ya kukoboa na ya ushuru wa chama, kisha kugawa kilichobaki kwa kila jina kulingana na kilo zake: hayo ni masomo ambayo mwenzako wa miaka ishirini atakutana nayo ubaoni kwa mara ya kwanza, wewe umeshayafanya huku watu wakikupigia kelele dirishani.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya barua inaweza kwenda hivi, nimeiandika kwa Kiswahili makusudi:

"Kati ya 2005 na 2009 nilikuwa nikilea mtoto na kufanya biashara ndogo ya ndizi Moshi mjini. Tangu 2009 nimekuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa. Napokea na kupima kahawa ya wanachama, natoa stakabadhi, na kila mwisho wa msimu nalinganisha jumla ya stakabadhi na uzito wa kiwandani kabla ya kuandaa orodha ya malipo. Mwaka fulani tulipata upungufu wa kilo kadhaa. Nilirudi kwenye stakabadhi za wiki mbili za mvua nikakuta tulipokea kahawa ambayo haikukauka vizuri, na tangu hapo tukaanza kuikagua kabla ya kuipima. Mwaka 2014 nilifanya QT na mwaka 2016 mtihani wa kidato cha nne, nikiwa kazini."

Mwaka na kilo utaweka vya kwako, na kama mkasa wenu ni mwingine, weka huo mwingine. Nimeutunga huu kukuonesha ukubwa wake tu: tukio moja, lenye chanzo na hatua iliyochukuliwa. Litabeba uzito kuliko maneno kumi ya "mchapakazi" na "mwaminifu", ambayo kila mwombaji anayo.

Kila sentensi humo iwe na karatasi nyuma yake. Barua ya ajira, barua ya mwenyekiti au meneja wa chama inayotaja kazi zako moja moja, nakala ya kurasa mbili tatu za leja kwa mwandiko wako (ficha majina ya wakulima), na kama ripoti ya ukaguzi ya COASCO, wale wakaguzi wa vyama vya ushirika, iliwahi kusema vitabu viko sawa, omba ruhusa ya kutumia ukurasa huo. Usiogope nakala yenye madoa ya vidole. Mwandiko uleule kwenye leja ya 2010 na ya juzi ni ushahidi ambao hauchapishwi steshenari.

Umeona nilivyoiandika ile miaka ya 2005 hadi 2009. Ukitazama vizuri, hiyo ndiyo miaka pekee ambayo huna karatasi yake, na pengo lako la kweli ni hilo dogo, si miaka ishirini. Usilipambe. Kuuza ndizi hakuna barua ya mwajiri, na anayesoma faili anajua hivyo. Ila angalia neno "nikilea mtoto". Ukilitia, hata kama umechagua "sababu za kifamilia", msomaji mwenye akili atajumlisha. Labda ndivyo unavyotaka, aelewe bila kuambiwa. Labda hutaki, basi lisiwepo, ibaki biashara ya ndizi peke yake, ambayo nayo ni kweli.

Lile ulilolipitisha upesi mwishoni, la majina, kwangu mimi ndilo la kushughulikiwa wiki hii. Nimeona watu wakikwama kwa jina kuliko kwa pengo lolote. Cheti cha Baraza la Mitihani kinabaki na jina ulilosajilia, usitegemee kibadilishwe kikufuate wewe. Weka mezani cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, matokeo ya QT, cheti cha kidato cha nne na barua ya chama, uyaandike majina yote kama yalivyo, herufi kwa herufi. Kama tofauti ni la baba na la mume, mara nyingi hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu, inayotaja majina yote mawili kuwa ni ya mtu mmoja, husaidia. Wengine hutaka hati kamili ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Uliza ofisi inayopokea maombi yako inataka ipi, kabla hujalipa wakili. Ndani ya barua lipe mstari mmoja.

Kuhusu Kiingereza cha kaka: kama chuo kinataka barua kwa Kiingereza itabidi iwe kwa Kiingereza, na msaada wake utauhitaji. Lakini andika wewe kwanza kwa Kiswahili, yeye atafsiri. Kisha usome kwa sauti. Neno ambalo ulimi wako unajikwaa, mwambie alitoe aweke jingine. Siku ya usaili utaongea wewe, na barua inayoongea kwa sauti ya mwalimu itakuumbua.

Nimebakiza mwanao, kwa sababu sikutaka nimtaje mbio mbio.

Nilipokuwa naisoma barua yako ile mara ya pili niliona kwamba ofisi ya udahili umeipa mistari minne ya hofu, na yeye umempa usingizi wako. Nikajiuliza kama uongo wa kaka umeutaka kwa ajili ya chuo, au kwa sababu ndiye mchapaji. Mama mgonjwa ni hadithi ambayo kijana wako angejua papo hapo ni ya uongo, maana amelelewa na bibi huyohuyo. Angeichapa, angenyamaza, na angebaki akijiuliza mama anaficha nini.

Na kuna hesabu ambayo siwezi kukuficha. Kijana wa kidato cha sita anajua alizaliwa Desemba 2004. Akichapa "niliacha shule Agosti 2004", hata ukiweka ada, hata ukiweka familia, tarehe mbili zimekaa pamoja. Huenda ameshaijumlisha siku nyingi. Watoto wa vijijini husikia mengi kwa shangazi na kwa watani kuliko tunavyodhani, na wengine hutunza siri ya mama kwa miaka huku mama akidhani ndiye anayeitunza. Sisemi ndivyo ilivyo kwako. Nasema ulipokuwa unapanga nini cha kumwambia, huenda hukujiuliza tayari anajua nini.

Unaweza kuipeleka barua ikachapwe steshenari mjini, ukalipa, ukaondoka na nakala kwenye bahasha. Hakuna ubaya, ni barua yako. Ila yeye ndiye anayejaza fomu nyingine zote, na siku moja ataona moja imepita pembeni yake. Unaweza pia kumwambia kabla. Hofu yangu hapo ni moja: usimwambie kwa namna ambayo atasikia kwamba yeye ndiye aliyekufukuzisha shule. Kijana wa miaka ishirini, anayesubiri matokeo yake mwenyewe, anaweza kuubeba mzigo huo bila kukuonesha. Mtu aliyekutoa mstarini hakuwa yeye. Kama utaongea naye, nadhani ni vema aanze kusikia habari za bibi yake aliyesema mlete mtoto nyumbani, na za ndizi, na za siku uliyopewa funguo za ghala, ndipo ifike Agosti. Na umpe nafasi ya kuuliza kuhusu baba yake, kwa sababu swali hilo litakuja, labda si siku hiyo. Barua ya chuo haitakusaidia kulijibu.

Pia unaweza kusubiri matokeo yake yatoke kwanza, kama muda wa maombi unaruhusu. Angalia tarehe ya mwisho. Mume wako anakufahamu na anamfahamu kijana kuliko mimi, muulize yeye hilo badala ya kumuuliza tena kuhusu barua ya kaka.

Ukishaandika ile ya Kiswahili, kwa mkono, niletee nakala. Nitaisoma kama nilivyokuwa nasoma zile za dawatini, nikizipanga na tarehe zako pembeni, kabla kaka hajaanza kutafsiri.